Kitufe Kisichoitika

Faili la kikundi chetu cha wafuga nyuki hapa Mitundu lina majina 62. Mbele ya kila jina kuna kilo za asali alizoleta mtu, bei ya kilo, na fedha anayopaswa kupewa. Pembeni kuna kitufe kilichoandikwa Malipo. Ukikibonyeza, hesabu za watu wote hujaa kwa mpigo. Mimi ni katibu, kwa hiyo kitufe kile kikigoma, simu inayoita ni yangu.

Msimu uliopita mhazini wetu, mama mtu mzima anayeniita mwanangu hata tukiwa kikaoni, alikwenda Itigi kuonana na mnunuzi. Nilipakia faili kwenye Google Drive ili alifungue kwa simu. Jioni akapiga. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, “Mwanangu, majina nayaona, kilo naziona, lakini kitufe kimekufa. Au wameshatuibia?”

Swali lake lilikuwa la haki. Fedha ya asali ndiyo ada ya shule na bati la nyumba, na mtu akiona kitu alichokizoea hakiitiki, wizi ndiyo jambo la kwanza kumjia kichwani. Nilimweleza hivi: jedwali na makro ni vitu viwili vinavyosafiri katika faili moja. Jedwali ni namba, na karibu programu yoyote ya majedwali inaweza kuzisoma. Makro ni maagizo yaliyoandikwa kwa lugha iitwayo VBA, na anayeielewa ni Excel iliyosakinishwa kwenye kompyuta. Excel ya simu haiendeshi VBA. Excel inayofunguliwa ndani ya kivinjari huyahifadhi maagizo hayo bila kuyatekeleza. Google Sheets ina lugha yake, Apps Script, na VBA kwake ni barua ya lugha ya kigeni. Kitufe kilikuwa hakijafa; kilifika mahali pasipo na mtu wa kukielewa.

Kuna jambo moja linaloiua makro kweli, nalo ni kubadili aina ya faili. Jina la faili letu linaishia na `.xlsm`. Mtu akilihifadhi kama `.xlsx`, au akiligeuza kuwa la Google Sheets, namba zitabaki na VBA haitakuwemo tena katika nakala hiyo mpya. Kuandika upya `.xlsm` kwenye jina hakurudishi kitu. Excel itakataa kulifungua. Ndiyo maana kabla ya kuuliza lolote huwa naangalia herufi za mwisho za jina.

Mhazini aliporudi, tulilipakua faili lilelile kwenye kompyuta mpakato ya mwanawe, yenye Windows na Excel kamili. Safari hii ulitokea mstari mwekundu wenye maneno `SECURITY RISK`, na kitufe kikagoma tena. Nikalihamisha faili kutoka kwenye kompyuta yangu kwa flashi, nalo likaonyesha mstari wa manjano tu wenye `Enable Content`. Faili moja, kompyuta moja, majibu mawili.

Tofauti ilikuwa njia. Kivinjari kinapopakua faili kutoka mtandaoni, Windows hulibandika alama isiyoonekana, inayoitwa `Zone.Identifier`, kusema limetoka nje. Tangu 2022 Microsoft imeifanya Excel izuie makro za faili lenye alama hiyo bila hata kukupa kitufe cha kuruhusu. Flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo haina mahali pa kuitunza alama. Kwa hiyo alama inakueleza faili limepita wapi, haikuelezi lina nini ndani. Faili baya likija kwa flashi litapita kimya. Faili letu jema likipita mtandaoni litazuiwa.

Ukilijua faili na aliyeliandika, unabonyeza juu yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unafungua `Properties`, kisha unatia tiki kwenye `Unblock`. Mimi hufanya hivyo baada ya kufungua maagizo kwa `Alt+F11` na kuyasoma. Kuyasoma hakuyaendeshi.

Hapo ndipo jambo zito lilipojitokeza. Kijana mmoja wa kikundi aliniletea maagizo aliyonakili kwenye kundi la simu. Alisema yanachapa risiti zote mara moja, akanitaka niyabandike kwenye faili letu. Fikiria maana yake: maandishi yaliyobandikwa hayabebi alama yoyote. Ukishayatia kwenye faili lako, yanakuwa yako, na ule mstari mwekundu hautatokea. Mlinzi pekee aliyebaki ni macho ya anayebandika.

Mengi yalikuwa ya kawaida, ya kupanga na kuchapa. Katikati kulikuwa na haya:

```vba
Private Sub Workbook_Open()
    CreateObject("WScript.Shell").Run _
        Sheets("Data").Range("Z900").Value, 0
End Sub
```

Huhitaji kuwa mtaalamu kuyahoji. Yanaanza lini? `Workbook_Open` maana yake yanaanza faili linapofunguliwa, bila mtu kubonyeza chochote. Virusi vya Melissa vya 1999 vilijianzisha kwa njia ya namna hiyo katika Word, kisha vikajituma kwa anwani 50 za kwanza za mwenye kompyuta. Yanagusa nini? `WScript.Shell` hutoka nje ya jedwali na kuiamuru kompyuta yenyewe, na ile `0` inaficha dirisha ili usione. Je, naweza kusoma yote yanayotendeka? Hapana, kwa sababu amri yenyewe haipo hapa. Iko katika seli Z900, mbali chini ambako hakuna anayetazama. Risiti haihitaji hata kimoja kati ya hivi. Nilimwambia kijana hatutayatumia, nikamwonyesha sababu mstari kwa mstari. Naye alikuwa amepewa tu, kama sisi.

Lakini maagizo yasiyo na hila nayo yanaweza kuumiza. Aliniletea mengine, mafupi na safi:

```vba
Sub Malipo()
    Dim i As Long
    For i = 2 To 63
        Cells(i, 5).Value = Cells(i, 3).Value * Cells(i, 4).Value
    Next i
End Sub
```

Yanapita mstari wa 2 hadi wa 63, yanazidisha kilo kwa bei, na kuandika jibu katika safu ya 5. Hakuna kinachotoka nje. Ila `Cells` haijatajiwa karatasi, kwa hiyo itaandika kwenye karatasi yoyote iliyo wazi wakati huo. Kama ni ile ya Akiba, safu ya 5 ya akiba za watu 62 inafutwa na kuandikwa upya, na baada ya makro kubadili seli, `Ctrl+Z` haikurudishii ulichopoteza. Dawa ni kutaja karatasi kwa jina, `Sheets("Asali").Cells(i, 5)`, na vivyo hivyo kwa zile mbili nyingine.

Tuliijaribu kwenye nakala, tukiwa makusudi kwenye karatasi ya Akiba. Akiba haikuguswa. Kisha mhazini akachagua jina mwenyewe: kilo 18, bei 7,000. Akakokotoa kwenye daftari lake, akapata 126,000, akageuza macho kwenye kioo. Zililingana. Akachagua jina la pili, na la tatu. Ndipo akasema, “Haya, sasa weka kwenye lile la kweli.”