Saa Nane ya Dawa: Kutoka Sentensi hadi Jedwali

Katika mihadhara ya semantiki, utata wa maana huelezwa kwa mifano ya kuchekesha. Mhadhiri huandika sentensi ubaoni, darasa likaipatia maana mbili au tatu, kicheko kikasikika, kisha somo likaendelea. Mwaka huu nimekumbana na utata usiochekesha hata kidogo. Ulikuwa katika daftari la maagizo ya dawa za nyanya yangu mzaa mama, alipotoka hospitalini.

Maagizo yenyewe yalitolewa kwa Kiswahili na muuguzi mpole, naye mjomba akayanakili neno kwa neno: “Kidonge cha tezi, kimoja asubuhi kabla ya kula. Cha presha, kimoja kila siku. Cha kuongeza damu, kimoja kila siku, kisimezwe pamoja na cha tezi. Amoksilini, kimoja kila saa nane kwa siku saba. Parasetamoli, viwili maumivu yakizidi, si zaidi ya mara tatu kwa siku.” Sentensi hizi hazina kosa la kisarufi. Hata hivyo, nyanya alikuwa auguzwe na watu watatu kwa zamu: binamu yangu mchana, mjomba usiku, nami mwishoni mwa juma. Kila mmoja angeyasoma kwa akili yake. Ndipo nilipochukua rula na kuchora jedwali: saa zikipangwa kwa mlalo juu, majina ya dawa yakishuka upande wa kushoto.

Kisanduku cha jedwali hakikubali maneno kama “kila siku” au “asubuhi”. Hudai saa moja mahususi. Kwa hiyo nilianza na dawa iliyo na masharti makali zaidi ya wakati, nazo nyingine zikafuata.

Dawa hiyo ilikuwa amoksilini, na hapo utata ukajitokeza. Mjomba alielewa kwamba “kila saa nane” ni kila baada ya muda wa saa nane. Binamu alielewa kwamba ni kila ifikapo saa nane, yaani saa nane mchana na saa nane usiku. Sarufi inawaruhusu wote wawili, kwa kuwa neno “saa” hutaja muda na vilevile hutaja nukta ya wakati. Walimu wetu hutukosoa tunapoandika “masaa”, nao wana hoja, kwani nomino hii haibadiliki katika wingi. Lakini nadhani msemaji wa mtaani anaposema “masaa manane” huwa anaziba ufa ambao Kiswahili sanifu kimeuacha wazi. Msuluhishi wetu alikuwa pakiti yenyewe. Ilikuwa na vidonge 21. Vikigawanywa kwa siku 7, ni vitatu kwa siku. Usomaji wa binamu ungetumia 14 pekee na kubakiza saba. Mjomba ndiye aliyekuwa sahihi.

Hata baada ya kukubaliana kuwa ni mara tatu, swali la pengo lilibaki. Nyanya alitaka vifuatane na milo yake: saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 usiku. Hesabu inaonyesha mapengo ya saa 6, saa 6 na saa 12. Ndivyo pia atakavyofanya yeyote anayeambiwa “kutwa mara tatu”, kwa maana kutwa ni kuanzia macheo hadi machweo, na usiku haumo. Ili dawa ya kuua bakteria isipungue mno mwilini usiku kucha, tulichagua saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Hizo zikawa safu tatu za jedwali.

Dawa ya tezi, levothiroksini, humezwa kwa maji matupu tumbo likiwa halina kitu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Nyanya hunywa chai saa 1, hivyo saa 12 asubuhi ilifaa. Mfamasia niliyemwuliza alisema kwamba amoksilini haina ugomvi nayo. Kidonge cha kuongeza damu, ambacho ni madini ya chuma, kina ugomvi, kwa sababu chuma huishika levothiroksini tumboni na kuizuia isifyonzwe. Daftari lilisema tu “kisimezwe pamoja”, na mtu angeweza kudhani kuwa dakika kumi zinatosha. Mfamasia alitaja muda wa saa 4. Kutoka saa 12 tunafika saa 4 asubuhi, ambayo nyumbani kwetu ni saa ya chai, nayo chai hupunguza ufyonzwaji wa chuma. Tukakisogeza hadi saa 8 mchana, saa moja baada ya chakula. Dawa ya presha, amlodipini, haijali saa bali hutaka saa ileile kila siku. Nayo tuliiweka saa 8.

Jedwali likawa hivi:

| Dawa | Saa 12 asubuhi (06:00) | Saa 8 mchana (14:00) | Saa 4 usiku (22:00) | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Levothiroksini | 1 | – | – | 1 |
| Amlodipini | – | 1 | – | 1 |
| Chuma | – | 1 | – | 1 |
| Amoksilini (siku 7) | 1 | 1 | 1 | 3 |
| Jumla | 2 | 3 | 1 | 6 |

Tarakimu zilizo katika mabano ni za simu ya binamu, iliyowekewa kengele. Pasipo hizo, “saa 8” ingeweza kugeuka 08:00, ambayo kwetu ni saa mbili. Kistari nacho kina kazi. Kisanduku kitupu husema mambo mawili, ama dawa haipo ama mwandishi alisahau, ilhali kistari husema jambo moja tu. Jumla za kando hulinganishwa na daftari, na jumla za chini hulinganishwa na vidonge vilivyo kiganjani kabla havijamezwa. Tulitoa nakala moja kwa kila siku, na alama hutiwa baada ya kumeza, kamwe si kabla.

Faida moja sikuitarajia. Safu ya saa 4 usiku ilikuwa na amoksilini pekee. Siku ya nane safu nzima ilifutika, nyanya akalala bila kuamshwa. Kama amlodipini tungeiweka usiku, safu hiyo ingebaki kwa sababu ya kidonge kimoja ambacho kingeweza kumezwa wakati mwingine.

Parasetamoli ilikataa kuingia. Agizo lenye “yakizidi” ni sentensi ya masharti, na jedwali la saa halina mahali pa sharti. Kuipa safu kungegeuza “ikihitajika” kuwa “lazima”. Tuliiandika chini ya jedwali, pamoja na mistari mitatu mitupu ya kujaza saa iliyomezwa. Mistari ikijaa, ya siku hiyo imekwisha. Jedwali halisemi pia la kufanya dozi ikipitwa. Chini kabisa niliandika: “Usimeze mbili kufidia. Mpigie mfamasia.”

Daftari la mjomba hatukulitupa. Lipo ndani ya kabati, kwa kuwa jedwali ni tafsiri, na tafsiri huhitaji matini chasili ya kuihakiki. Kwa upande wangu, nimeacha kumsahihisha binamu anaposema “masaa”.