Swali la Sita Lililopotea Kwenye Picha

Likizo moja niliwatumia wanafunzi wangu wa kidato cha nne mtihani wa utamilifu wa Kiswahili kwa wasapu. Karatasi nilikuwa nimeazimwa na mwalimu mwenzangu, na siku hiyo Bagamoyo umeme ulikatika, steshenari hawawezi kutoa kopi. Nikaiweka juu ya dawati, nikapiga picha nne haraka haraka. Ninakusimulia kosa langu kwa sababu huenda na wewe mtihani unaoufanyia mazoezi sasa hivi umo ndani ya simu.

Binti mmoja anayeishi Mlingotini aliufanya wote akaniletea daftari. Nikasahihisha kwa mwongozo wangu. Swali la 6 sifuri, la 7 sifuri, la 8 hakuna kitu. Alama 27 zimekwenda, akabaki na 41. Akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hili si ndivyo ulivyotufundisha?" Nikasoma upya. Jibu aliloliandika namba 6 lilikuwa la swali la 7, na aliloliandika namba 7 lilikuwa la swali la 8. Swali la 6 lenyewe lilikuwa chini ya ukurasa wa pili, na pale kidole changu kiliziba. Picha ya tatu nayo ilikata ukingo wa kushoto, kwa hiyo namba hazikuonekana. Mtoto wa watu akahesabu tu: baada ya 5 huja 6.

Dalili ilikuwepo. Picha ya nne ilionyesha Sehemu C ikianza na swali la 9, naye alikuwa ameishia 7. Lakini aliyekwisha kuzama katika kujibu haoni pengo kama hilo, ndiyo maana hesabu hufanywa kabla.

Chukua karatasi tupu. Pitia picha zote bila kujibu, uandike namba ya kila swali, vipengele vyake, alama zake, na liko picha ya ngapi. Mtihani ule ulikuwa na alama 100. Sehemu A ilikuwa na 16: swali la 1 alama 10, la 2 alama 6. Sehemu B ilikuwa na maswali sita ya alama 9 kila moja, yaani 54. Sehemu C ilikuwa na maswali matatu ya alama 15, unachagua mawili, yaani 30. Sasa jumlisha unavyoviona kwenye picha: 16, maswali matano ya B ni 45, na C ni 30. Unapata 91. Zimepungua 9, na 9 ni swali zima la Sehemu B. Hapo unajua kilichopotea ni nini na kiko sehemu gani, hata kama hujakiona. Angalia tu usijumlishe maswali yote matatu ya Sehemu C, maana utapata 106 na kudhani mtihani umezidi.

Hesabu hiyo hiyo hufanya kazi ndani ya swali. Swali la 5 lilikuwa hivi: (a) eleza maana ya mofimu, alama 3, (b) tenganisha mofimu za neno "hawatapigana" na utaje kazi ya kila moja. Alama za (b) zilikatwa pembeni. Swali zima ni 9, ukitoa 3 zinabaki 6. Tenganisha: ha-wa-ta-pig-an-a. Kuna ukanushi, nafsi, wakati ujao, mzizi, utendano na kiishio. Mofimu sita kwa alama sita, basi kila moja ina alama yake, na ukiacha "an" ndani ya mzizi umeshapoteza. Alama za vipengele viwili zikikatwa, njia hii haikufikishi. Unajua jumla yao tu, basi andika jumla hiyo na usikisie mgawanyo.

Unapojibu, nakili namba kama ilivyochapwa. Swali lisiloonekana liachie nafasi yake: andika 6, acha nusu ukurasa, nenda la 7. Na kama namba imekatwa na huna uhakika, andika "picha ya 3, swali la juu" mpaka uipate. Msahihishaji atakuelewa, namba ya kubuni ndiyo inayompoteza, kama ilivyonipoteza mimi.

Nilisahihisha upya lile daftari. Majibu mawili yaliyohamishwa yalimpa alama 14, akafika 55. Kisha nikaupiga picha tena ukurasa wa pili, safari hii mbao za dawati zikionekana pande zote nne za karatasi, nikamtumia. Kesho yake asubuhi akaleta jibu la swali la 6, kwenye nusu ukurasa nyingine.