Barua Niliyoandika Kabla ya Masika

Duka langu la vikoi na nguo za ufukweni liko Paje, Unguja. Masika yakishika, Aprili na Mei, hoteli kadhaa hufungwa, na njia ya kwenda pwani hubaki ya mbuzi na watoto wa madrasa. Mwaka wangu wa kwanza nilinyamaza mpaka siku ya kodi ikapita, ndipo nikamwendea mwenye nyumba na machozi. "Hali ngumu, mzee wangu." Akaniuliza, "Ngumu kiasi gani, mwanangu, na mpaka lini?" Sikuwa na jibu. Niliuza cherehani nikalipa.

Mwaka wa pili niliandika barua tarehe 10 Machi, wiki tatu kabla ya kodi. Nalipa shilingi 400,000 kwa mwezi, miezi mitatu kwa mkupuo. Nilifungua daftari la mauzo: Februari niliuza 2,900,000, Aprili ya mwaka uliopita, 380,000, na humo bado sijatoa gharama ya mzigo. Kurasa hizo mbili nilizitolea kopi nikaziambatanisha.

Barua yenyewe ilikuwa fupi:

"Mzee wangu, shikamoo. Naomba Aprili, Mei na Juni nilipe 200,000 kila mwezi, mwezi kwa mwezi badala ya mkupuo. Siombi kusamehewa. Pungufu la 600,000 ni deni langu. Nitalilipa kuanzia Julai hadi Oktoba, 150,000 kila mwezi juu ya kodi kamili. Nikikosa mwezi mmoja, mpango huu umekufa, na deni lote lililobaki utalidai papo hapo."

Alinisomea barua yangu mwenyewe barazani kwake, miwani puani, kidole kikifuata namba. Hakugusa habari ya mvua. Alisema, "Laki mbili hainitoshi, nina mtoto chuoni. Nipe laki mbili na nusu." Tukapiga hesabu upya: pungufu likawa 150,000 kwa mwezi, jumla 450,000, na malipo ya ziada yakaisha Septemba badala ya Oktoba. Tukaandika mabadiliko hayo chini ya barua, tukatia saini sote wawili mbele ya mwanawe, kila mmoja akachukua nakala.

Mei ilinibana kweli. Niliuza vikoi viwili wiki nzima, nikashona sare za shule kwa cherehani ya kuazima ili nipate ile laki mbili na nusu. Lakini nililijua deni langu na siku ya kulimaliza, nikapata usingizi. Julai wageni waliporudi, nilianza kulipa 550,000. Mwisho wa Septemba mzee alipiga mstari juu ya 450,000, akaandika pembeni: imelipwa.

Nawe mwenye biashara ya msimu, andika barua yako kabla hujadaiwa. Ukishadaiwa, hata ukweli husomeka kama kisingizio.