Ripoti ya hitilafu: usikate ule mstari wa juu wa picha

Leo nawaandikia hasa nyinyi mnaojaribu programu za simu, kisha mkatuletea sisi wasanidi habari za hitilafu mlizokutana nazo.

Msanidi akipata ujumbe usemao "haifanyi kazi", hana pa kuanzia, kwa sababu kwenye simu yake yeye inafanya kazi. Anachohitaji ni maelezo yatakayomwezesha kuiona hitilafu ile ile kwa macho yake. Akishaiona, mara nyingi kuirekebisha si kazi kubwa. Hebu tuangalie kisa kimoja tu.

Ninatunza programu ya Android ya kurekodi mauzo ya duka, ambayo niliikuta imeshaandikwa na mtu mwingine. Ina ukurasa uitwao "Mauzo ya Leo", ambao unapaswa kujumlisha pesa zilizoingia tangu siku ianze. Dada mmoja anayetujaribia programu hiyo alituandikia hivi:

"Mauzo ya Leo inaleta pesa zisizo sahihi. Nimeiona jana saa 7:12 usiku."

Mwenzangu tunayefanya naye kazi aliisoma hiyo saa 7:12 kama Wakenya wengi tunavyosoma saa ya simu, yaani 19:12. Akangoja jioni, akajaribu, hesabu ikatoka sawasawa. Akamjibu kwamba kwake hakuna shida. Dada akasisitiza kwamba shida ipo. Siku mbili zikapita hivyo, kila mtu akiwa mkweli.

Nikampigia simu. "Dada, ulipiga picha ya skrini?"

"Nilipiga, lakini nilituma kile kipande chenye jumla peke yake. Nikutumie yote?"

Akaituma nzima. Juu kabisa, kwenye ule mstari wenye saa, mtandao na betri, paliandikwa 01:12. Kumbe alikuwa anasema saa saba usiku ya Kiswahili. Duka analolijaribia hufungwa usiku sana, kwa hiyo kwake huo ni wakati wa kawaida wa kazi.

Basi hilo ndilo la kwanza: kwenye ripoti andika saa kama simu inavyoionyesha, kwa mtindo wa saa 24. "Saa saba" inaweza kuwa 01:00, 13:00, 07:00 au 19:00, kutegemea anayesoma. 01:12 ni moja tu.

Nilimwomba aangalie tena na aandike kila hatua kwa mstari wake. Hii hapa ripoti yake ya pili:

Kichwa: Baada ya 00:00, Mauzo ya Leo bado inahesabu mauzo ya jana
Simu: Galaxy A14, Android 13
Toleo la programu: 2.4.1
Saa za eneo: GMT+03:00, simu inajipangia saa yenyewe

Hatua:
1. Ijumaa 23:50, nilifungua Mauzo ya Leo. Jumla ilikuwa 4,300.
2. Jumamosi 01:12, nilirekodi mauzo ya shilingi 250.
3. 01:13, nilifungua tena Mauzo ya Leo.

Nilitarajia: 250
Nilichoona: 4,550
Imetokea: usiku 3 kati ya 3
Zaidi: saa 02:58 ilikuwa bado 4,550. Nilipofunga programu na kuifungua tena saa 03:01, ilikuwa 0.

Tazameni jinsi ripoti hii inavyofanya kazi. Hatua ya 1 inasema hali ilikuwaje kabla ya lolote. Bila hiyo 4,300, nisingejua ile 4,550 imetoka wapi. "Nilitarajia" inaonyesha kwamba hasemi tu jumla ni mbaya, anasema ingekuwa ngapi. Na "usiku 3 kati ya 3" inaniambia kwamba nikifuata hatua hizi nitaiona kila mara, sitahitaji kubahatisha.

Lakini lulu ni ule mstari wa mwisho. Kwa nini jumla ibadilike saa 03:00, si 00:00? Saa za Afrika Mashariki ziko saa 3 mbele ya UTC, saa ya kimataifa ambayo hifadhidata nyingi huitumia. Nairobi inapofika 03:00, kwenye UTC ndiyo kwanza siku mpya inaanza. Kabla sijafungua faili lolote nilishajua cha kutafuta, nikakikuta:

```
SELECT SUM(kiasi) FROM mauzo
WHERE date(muda) = date('now');
```

Programu hii huhifadhi data kwa SQLite, na SQLite ikiulizwa `date('now')` hujibu kwa tarehe ya UTC. Safu ya `muda` nayo ilihifadhiwa kwa UTC. Kwa hiyo "leo" ya programu ilianza saa 03:00 ya Nairobi. Marekebisho yalikuwa haya:

```
SELECT SUM(kiasi) FROM mauzo
WHERE date(muda,'localtime') = date('now','localtime');
```

Kabla ya kurekebisha, nilihakikisha kwamba hicho ndicho chanzo. Niliiwekea simu ya majaribio saa za Lubumbashi, ambazo ziko saa 2 mbele ya UTC. Jumla ikabadilika saa 02:00, kama ilivyotakiwa. Hapo ndipo mnapoona kwa nini tunasumbua kuuliza habari za simu. Bila ile "GMT+03:00", namba 3 isingekuwa na maana yoyote kwangu.

Habari hizo hazichukui muda kuzipata. Jina la simu na toleo la Android viko `Settings`, kisha `About phone`. Toleo la programu utalipata ukibonyeza ikoni yake kwa muda, uchague `App info`, kisha ushuke hadi chini. Usiandike "toleo jipya", kwa sababu jipya la leo kesho ni la zamani. Saa za eneo ziko kwenye mipangilio ya tarehe na saa. Na kama ulibadilisha saa ya simu kwa mkono ili usisubiri usiku, liseme hilo pia.

Sasa picha. Kwenye simu nyingi za Android, bonyeza kwa pamoja kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti. Itume picha nzima. Kama kuna jina au namba ya mteja, ifunike kwa rangi, lakini usikate juu. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama `Document`, maana picha ya kawaida hubanwa na maandishi madogo huweza kufifia. Kama skrini ina ujumbe wa kosa, uandike pia kwa herufi, neno kwa neno, ili tuweze kuutafuta ndani ya programu.

Picha lakini haishiki nafasi ya hatua. Ile picha ya 01:12 ilituambia lini, haikutuambia kwamba kulikuwa na 4,300 kabla yake. Vilevile si kila hitilafu itakubali kujirudia kila mara. Ikitokea mara 1 kati ya 10, andika hivyo hivyo, pamoja na saa ya ile mara moja. Usiiache kwa kuogopa kwamba haijakamilika, na usiongeze dhana yako kana kwamba uliiona. Ukiwa na dhana, iweke mwisho, kwenye mstari wake, uiite dhana.