Chai ya Kikao au Maji ya Miche? Bajeti ya Kikundi kwa Ukurasa Mmoja

Wasee, leo tuongee doh ya kikundi. Si doh ya kuanzisha kikundi, hiyo kila mtu huongea. Naongelea ile ya kukiendesha mwaka mzima bila mtu kuulizana na mwenzake pesa ilienda wapi.

Mimi chuo niliachia mwaka wa pili, kwa hivyo usinitarajie nikuandikie kama mhasibu. Lakini hapa Londiani mimi ndiye hushika daftari ya kikundi chetu cha vijana. Tuko 15, tuna kitalu cha miche ya miti na tuna viti 50 vya kukodisha kwa harusi na matanga. Msitu uko karibu, chuo cha misitu kiko hapa, KEFRI wako hapa, kwa hivyo biashara ya miche inaeleweka kwa kila mtu. Tarakimu nitakazotumia nimezizungusha ili hesabu iwe rahisi kufuata. Bei za kwenu weka za kwenu.

Kitu cha kwanza ni kuamua mwaka wako unaanza lini. Wengi huandika Januari hadi Desemba kwa sababu kalenda ndio inasema hivyo. Kwa kitalu hiyo inakuchanganya. Sisi tunanunua mbegu na viriba Julai na Agosti, tunamwagilia wakati wa kiangazi cha Desemba hadi Februari, halafu tunauza Aprili na Mei mvua ikishika. Ukikata mwaka Desemba, gharama za miche zinaingia mwaka mmoja na mauzo ya miche hiyo hiyo yanaingia mwaka mwingine. Hutawahi kujua kama ulipata faida. Kwa hivyo mwaka wetu ni 1 Julai hadi 30 Juni. Bahati nzuri, huo pia ndio mwaka wa fedha wa serikali, kaunti ikiwemo, kwa hivyo ukienda kuomba usaidizi karatasi zenu zinasoma miezi sawa.

Sasa safu. Watu wengi huandika kitu na bei, basi. "Chai, 9,000." Mtu akiuliza 9,000 imetoka wapi, kila mtu anaangalia chini. Weka safu tano, na ile ya mwisho usiiandike kwa mkono, ihesabiwe. Hii hapa sehemu ya kitalu:

| Kipengele | Idadi | Bei ya moja | Mara kwa mwaka | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Mbegu (pakiti) | 4 | 500 | 1 | 2,000 |
| Viriba (kilo) | 10 | 400 | 1 | 4,000 |
| Udongo na samadi (lori) | 2 | 4,500 | 1 | 9,000 |
| Posho ya kumwagilia | 1 | 2,500 | 9 | 22,500 |
| Jumla ya kitalu | | | | 37,500 |

Angalia ile posho. Ni miezi 9, si 12, kwa sababu Julai hadi Septemba bado kuna mvua na wanachama wanapeana zamu. Safu ya "mara kwa mwaka" ndiyo inakulazimisha kufikiria hivyo. Bila hiyo ungeandika 2,500 mara 12 na kupoteza 7,500 kwenye karatasi bure.

Ukitumia Google Sheets kwa simu, safu ya Jumla ni fomula hii, na chini ya kundi unaweka ya pili:

```
=B2*C2*D2
=SUM(E2:E5)
```

Kuna mambo mawili huharibu hapa. Moja, mtu anaandika "500 bob" kwa mkono ndani ya seli ya safu ya Jumla. Hiyo simu inaisoma kama maneno, si namba, na `SUM` inayaruka maneno bila kukuambia. Utaijua kwa macho: namba hukaa upande wa kulia wa seli, maneno hukaa kushoto. Mbili, unaongeza mstari mpya chini kabisa ya kundi na jumla inabaki kuhesabu mistari ya zamani. Ukiongeza kitu, gusa seli ya jumla uone inafika mstari gani.

Makundi yawe machache. Sisi tuna manne. Kitalu ni 37,500. Ofisi na mikutano ni 26,400: kodi ya stoo 12,000, chai ya vikao 9,000, data na karatasi 3,000, na makato ya benki na M-Pesa 2,400. Usafiri ni 13,000, yaani kubeba miche na nauli ya Kericho. Dharura ni 4,000. Jumla ya matumizi ni 80,900. Hakuna kundi la "mengineyo". Kama kitu hakina jina, hakina pesa.

Tangi la maji halimo humo, hata kama tunalitaka sana. Tangi unanunua mara moja na linakaa miaka. Ukiliweka katikati ya chai na nauli, mwaka huu utaonekana mbaya na mwaka ujao utaonekana mzuri, na hakuna kilichobadilika. Vitu kama hivyo viandikie karatasi yake.

Upande wa mapato ndio watu hujidanganya. Tuko 15 na ada ni 100 kwa mwezi, kwa hivyo ungesema 18,000. Lakini ukipiga hesabu ya mwaka uliopita, pesa iliyoingia kweli ni ya watu 12. Basi andika 12: hiyo ni 14,400. Miche vivyo hivyo. Tunajaza viriba 10,000, lakini kuna zinazokauka, zinazoliwa na wadudu na zinazobaki bila mnunuzi. Tunaandika 7,000 kwa 10 bob, yaani 70,000. Viti ni shughuli 24 kwa mwaka, viti 50, bob 10 kila kimoja: 12,000. Jumla ya mapato ni 96,400.

Mkopo usiuweke hapo. Pesa ya Uwezo Fund ni mkopo, utarudishwa, kwa hivyo si mapato. Na ile ya mzunguko ambayo mnapeana kila mwezi si ya kikundi, ni ya mwenye zamu. Nimeona bajeti zimejaa hizo mbili hadi kikundi kinaonekana tajiri.

Haya. Mapato 96,400, toa matumizi 80,900, inabaki 15,500. Hapo wengi hufunga daftari na kupiga makofi. Mimi nasema bado, kwa sababu jumla ya mwaka haikuambii pesa itakuwa wapi mwezi wa Februari. Chukua tarakimu zile zile uzigawe kwa robo ya mwaka, kila moja pale itakapoingia au kutoka kweli:

| | Jul–Sep | Okt–Des | Jan–Mac | Apr–Jun | Mwaka |
|---|---|---|---|---|---|
| Mapato | 7,600 | 8,600 | 4,600 | 75,600 | 96,400 |
| Matumizi | 23,600 | 16,100 | 16,100 | 25,100 | 80,900 |
| Tofauti | -16,000 | -7,500 | -11,500 | 50,500 | 15,500 |
| Limbikizo | -16,000 | -23,500 | -35,000 | 15,500 | |

Mstari wa limbikizo unajumlisha tofauti kutoka robo hadi robo. Kwanza hakikisha jedwali halikudanganyi: robo nne za mapato zikijumlishwa lazima zitoe 96,400, ile ile uliyopata mwanzo, na limbikizo la mwisho lazima lilingane na 15,500. Zikikataa, kuna kitu umekiacha au umekiandika mara mbili. Usiendelee hadi zikubaliane.

Sasa soma ile -35,000. Inasema kwamba kikundi chenye faida ya 15,500 kitakuwa kimekauka kabisa kabla ya kuuza mche mmoja, isipokuwa kiwe na 35,000 benki tarehe 1 Julai. Hiyo salio la kuanzia iandike mstari wake juu ya jedwali, usiichanganye na mapato ya mwaka.

Sema benki kuna 28,500. Tumepungukiwa na 6,500, na tutaisikia Machi. Na Machi kinachobaki kulipwa ni nini? Ni posho ya kumwagilia. Miche ya miezi 6 ikikosa maji wakati huo wa jua, hakuna Aprili ya kungoja. Ile 70,000 yote inakufa kwa sababu ya 6,500.

Rudi kwa makundi utafute pesa ambayo inaweza kungoja. Kodi haingoji. Viriba havingoji. Chai ya vikao ni watu 15, bob 50, kila mwezi: 750. Ukiiondoa miezi 9, Julai hadi Machi, unaokoa 6,750. Shimo la 6,500 limefungwa na bob 250 zimebaki.

Najua kukata chai huku kwetu ni kama matusi. Majani yanachumwa hapo chini Kericho, maziwa yako kila boma, na wewe unaambia watu wakae kikao kikavu? Lakini bajeti haijasema watu wasinywe. Imesema pesa ya kikundi isinunue kabla ya Aprili. Mwenye nyumba ya kikao anaweza kuchemsha chai, zamu ikizunguka. Na kikao kinaweza kukataa pia, kikaamua kila mtu atoe bob 50 zake. Hayo ni ya wanachama kuamua, wakiwa na jedwali mbele yao mwezi wa Juni, si mweka hazina peke yake akihangaika na simu Machi.

Robo za mwaka pia zina upofu wake. Mauzo yakichelewa hadi Mei kwa sababu mvua imechelewa, Aprili nzima unaishi bila kitu na jedwali langu halikuonyeshi. Bob 250 si mto wa kulalia. Kwa hivyo miezi ya Machi, Aprili na Mei sisi tunaigawa mwezi kwa mwezi kwenye karatasi ya pili, na tunaomba wanunuzi wakubwa walipe malipo ya kwanza Februari. Miezi mingine robo inatosha.

Mwisho kabisa, ongeza safu moja upande wa kulia iitwe "Halisi". Kila mwisho wa robo andika kilichoingia na kilichotoka kweli, kando ya ulichopanga. Juni ijayo hutakisia ada ni za watu wangapi. Utasoma tu.

Kama kikundi chenu kinaanza mwaka Julai, basi Juni chapisha ukurasa huo mmoja, muupitishe kikaoni na kila mtu aondoke na nakala. Halafu niambieni huko kwenu kilikatwa nini. Kwetu ni chai.