Kwa Nini ab = ba

Mwaka 1905 Wedderburn alithibitisha kwamba mfumo wa namba wenye mwisho, ambamo kila namba isipokuwa sifuri yaweza kugawanya, daima huwa na ab = ba.

Tufanye si hivyo: namba ni 16, na 0 na 1 pekee ndizo zipatanazo na zote katika kuzidisha. Twaa a nyingine. Namba zipatanazo nayo ni mfumo mdogo wa 4. Ukiondoa sifuri, 3. Basi sura zake, xax⁻¹, ni 15 ÷ 3, yaani 5. Hivyo namba 14 zilizosalia zingejipanga tano tano. Haiwezekani!

Mwaka 1931 Witt aliieneza hoja hii kwa mfumo wa namba qⁿ, ambamo q zapatana na zote. Mahali pa 5 aliweka Φₙ(q), zao la tofauti kati ya q na mizizi fulani ya 1. Hugawanya qⁿ − 1 na kila kundi, kwa hiyo ingepasa igawanye q − 1 pia. Nayo ni kubwa kuliko q − 1.