Meli ya Liuli

Agosti 1914, meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huku Liuli, enzi hizo ikiitwa Sphinxhafen. Waingereza wakaja na Guendolen yao wakaishambulia, nahodha Mjerumani akiwa hana hata habari kwamba kuna vita.

Nilitaka meli hiyo ionekane katika filamu yangu fupi. Nikapiga picha ufuko kutoka ziwani asubuhi, jua likichomoza nyuma ya milima. Fundi mmoja wa Mbinga akaichora meli kwa kompyuta, akanipa matabaka mawili, meli na kivuli chake. Nikayabandika. Meli ilikaa kama stika kwenye kioo cha daladala.

Kasoro ya kwanza ilikuwa weusi. Kwa mbali ziwani hakuna cheusi tii, maana ukungu unakipausha. Kwenye kipimo cha 0 mpaka 1, kivuli cheusi kuliko vyote pale ufukoni kilisoma 0.08, na shati jeupe la mvuvi 0.70. Meli ilianzia 0 ikafika 1. Hesabu ni hii:

```
mpya = 0.08 + zamani * 0.62
```

Bluu hufanyiwa hesabu yake peke yake, kwa sababu ukungu huipandisha zaidi. Tena hesabu iguse meli tu. Ikigusa na sehemu tupu ya tabaka, utaona mstatili wa kijivu umeizunguka meli.

Kasoro ya pili, kingo zilikuwa kali mno. Anga inayong'aa nyuma ya mlingoti humwagikia kidogo kwenye mlingoti wenyewe ndani ya lenzi. Kwa hiyo nilichukua mwanga wa ile anga, nikaufifisha, nikauacha utambae juu ya kingo za meli kwa pikseli chache. Ukizidisha, meli inakuwa mzimu.

Mwisho kabisa ni chenga. Kamera yangu ilizimwaga picha nzima, mchoro wa kompyuta hauna hata moja. Zinakuja baada ya mng'ao kwa sababu zinazaliwa kwenye kamera, nyuma ya lenzi, kwa hiyo lenzi haizififishi. Nilizitia kwenye meli tu, kwani ufuko una zake. Lazima zibadilike kila fremu, la sivyo zinaonekana kama uchafu kwenye kioo. Kupima, kuza picha mara nne, tazama bluu peke yake, ambako chenga kwa kawaida ni nyingi. Meli ikiwa laini kuliko mchanga, bado.

Hapo ndipo kazi ya uandishi wa habari iliponikaba koo. Kabla ya chenga, mtazamaji yeyote angejua kuwa huu ni mchoro. Baada yake, jicho halina pa kushika, na kijana wa Liuli anaweza kuapa kwamba ipo filamu ya siku ile. Basi nikaandika kwenye kona, sekunde zote ambazo meli inaonekana: "Meli hii ni mchoro." Maandishi hayo sikuyatia chenga.